Usimwage gunia mara moja: hotuba ya vidonge vya wasiwasi, Kirumba

(Wengi mliniambia mlikuwa kazini au mmevuka kwenda Ukerewe siku ile, mkaomba niweke maneno yote. Haya hapa, kama nilivyoyasema ukumbini. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nimefanya kazi hii kandokando ya ziwa kwa miaka mingi.)

Mwadila! Shikamooni wazee wangu, akina mama wa mwaloni habari za tangu asubuhi, vijana wa bodaboda mlioacha abiria mkaja kunisikiliza, ahsanteni sana.

Leo siongei habari ya dawa zote. Naongea habari ya kidonge kimoja na ndugu zake. Hebu niulize kwanza, na usinyooshe mkono, jibu moyoni tu. Nani nyumbani kwake kuna kile kidonge kidogo cha diazepamu, wengine mnaita valiamu, wengine mnasema tu "kile cha usingizi", kimefungwa kwenye karatasi, kimewekwa chini ya mto au ndani ya kibeti? Nani ana mama, ana mume, ana dada ambaye kila usiku lazima ameze ndipo alale?

Basi naongea na nyinyi.

Nianze na mama mmoja. Simtaji jina, na nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike, ila yeye mwenyewe amenipa ruhusa niseme. Ni muuza dagaa. Mume wake alikuwa mvuvi, akatoka usiku na karabai kama kawaida, ikapiga dhoruba, hakurudi. Baada ya msiba huyu mama akaanza kupata kitu ambacho hakuwahi kukijua, yaani yuko katikati ya wateja anapima dagaa kwenye sado mara moyo unaanza kwenda mbio, jasho linamtoka, mikono inakufa ganzi, anaona kabisa anakufa, anakaa chini pale pale. Wakampima presha, hamna. Wakampima malaria, hamna. Mwisho akapewa diazepamu miligramu 5, ameze usiku.

Na ikafanya kazi! Hapa nataka niwe mkweli, maana kuna watu wanaisema hii dawa kama vile ni sumu tangu mwanzo. Siyo sumu. Usiku ule ule alilala, mara ya kwanza baada ya wiki sita. Dawa nyingine za wasiwasi, kama setralini au fluoksetini, zinachukua wiki kadhaa mpaka mtu aone nafuu, hii inachukua chini ya saa moja. Ndiyo maana tangu diazepamu iingie sokoni mwaka 1963 imeenea dunia nzima. Ukiwa na mtu anatetemeka mbele yako, una dawa inayomtuliza kabla chai haijapoa, utaacha kumpa?

Shida siyo usiku wa kwanza. Shida ni usiku wa mia moja.

Huyu mama alipewa ya wiki mbili. Zilipoisha akaenda duka la dawa akanunua tena, hakuna aliyemuuliza cheti. Miezi minne baadaye 5 hailazi tena, akawa anameza 10 usiku. Mwaka wa pili hata mchana moyo unaanza kumdunda, akaongeza 5 asubuhi. Alipofika kwangu alikuwa mwaka wa nne, miligramu 15 kwa siku, na wasiwasi wake ulikuwa umerudi karibu kama mwanzo. Akaniuliza, "Sasa nesi, kama dawa haifanyi kazi, mbona nikiiacha siku moja nakuwa kama mwehu?"

Swali zuri kuliko hili sijawahi kuulizwa. Dawa haifanyi kazi, halafu ukiiacha unaumwa. Inawezekanaje vyote viwili?

Njooni twende ziwani.

Chukua mtumbwi. Ubongo wako ni mtumbwi, na ukiwa mzima umekaa sawasawa majini, kwa sababu upande mmoja kuna abiria wa kutuliza na upande wa pili kuna abiria wa kuamsha. Wa kutuliza mkubwa wao anaitwa gaba, ni kemikali ambayo ubongo unaitengeneza wenyewe, kazi yake kuziambia seli za neva "polepole, tulieni". Wa kuamsha mkubwa wao anaitwa glutameti. Wasiwasi ukizidi, mtumbwi umelalia upande wa kuamsha. Sasa diazepamu, lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu, hawa wote ni ukoo mmoja wa benzodiazepini, na wote wanafanya jambo moja, wanamwongezea nguvu gaba. Haviingizi gaba mpya, hapana, vinashika pale kwenye kipokezi cha gaba na kufanya mlango wake ufunguke mara nyingi zaidi. Kwenye mtumbwi wetu hilo ni gunia, umelitupa upande wa kutuliza, mtumbwi umekaa sawa, mama amelala.

Lakini ndugu zangu, abiria wa kwenye mtumbwi ni mbao? Wanakaa tu wakitazama? Mtumbwi ukielemea kulia, nyie watu wa ziwa mnafanyaje? Mnasogea kushoto! Hakuna anayewaamrisha, mnasogea wenyewe. Ubongo nao unasogea. Ukiona gunia liko pale kila siku, kila siku, unaanza kupunguza usikivu wa vile vipokezi vya gaba, na upande wa pili unampa nguvu glutameti. Taratibu, wiki baada ya wiki. Mwisho wake gunia lipo lakini mtumbwi umerudi kulekule ulikokuwa kabla ya gunia. Hiyo ndiyo tunasema mwili umeizoea dawa. Kwenye usingizi mazoea haya yanakuja mapema, wiki chache tu, kwenye wasiwasi yanachelewa, yanaweza kuchukua miezi. Kinachonisikitisha ni kwamba usahaulifu hauzoeleki hivyo, mtu anaacha kupata usingizi lakini anaendelea kusahau chenji na kusahau sufuria jikoni, na watoto wanasema mama amezeeka.

Sasa mama anaongeza gunia la pili. Abiria wanasogea tena. La tatu. Wanasogea tena. Mtumbwi uko sawa, ila angalieni ulivyokaa: magunia matatu upande huu, watu wote wamejibana upande ule.

Halafu mtu mmoja anasema "hii dawa mbaya", anayabeba magunia yote matatu anayatupa majini kwa mpigo.

Mtaniambia nini kinatokea?

Ndiyo. Unapinduka. Na haupinduki kwa sababu abiria ni wabaya, unapinduka kwa sababu wao walikaa pale kulisawazisha gunia na hawajapata muda wa kurudi. Huo ndio utegemezi. Mama aliponiuliza "mbona haifanyi kazi lakini nikiacha naumwa", jibu ni hilo, ni kitu kimoja kina sura mbili, kusogea kulekule kwa abiria ndiko kunakofanya dawa isifanye kazi na ndiko kunakofanya usiweze kuitupa.

Na naomba hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna neno linaua watu mtaani kwetu. Neno "teja". Huyu mama aliogopa kuja kliniki miaka miwili kwa sababu ya neno hilo. Hakuiba, hakudanganya, hakutafuta kulewa, alimeza alichoandikiwa na mwili wake ukafanya kile ambacho mwili wa yeyote humu ndani ungeweza kufanya. Utegemezi wa mwili unaweza kumpata mtu ambaye hana uraibu hata chembe. Ukimwita teja atafanya mawili, atajificha aendelee kumeza, au ataacha ghafla aone aibu imeisha. Yote mawili ni hatari, na la pili ndilo linaweza kumuua.

La pili nalijua kwa sababu nililisababisha mimi.

Nilikuwa muuguzi mdogo, nina miaka michache kazini. Akaja kijana, konda wa daladala, anatumia lorazepamu miligramu 2 asubuhi na 2 jioni, kwa mwaka na nusu. Nikaangalia karatasi, nikaona 4. Nikafikiri, 4 ni kidogo, kuna watu wanameza diazepamu 10, huyu ana 4 tu. Nikamwambia kwa sauti ya kujiamini kabisa, "Kijana, hizi achana nazo, wewe bado mbichi, jikaze." Akajikaza. Siku ya kwanza hakulala. Siku ya pili alitetemeka, jasho, sauti ya honi ikawa inamchoma kama sindano. Siku ya tatu alianguka stendi, degedege, meno yamebana, watu wakamzunguka wakisema kifafa, wengine wanasema amerogwa. Alinusurika. Mama yake alinijia akanishukuru kwa kuja kumwangalia mwanaye, na mimi ndiye niliyemwambia aache. Nimeishi na shukrani hiyo mpaka leo.

Nilikosea wapi? Nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza, nilihesabu namba bila kuuliza ni ya dawa gani. Lorazepamu miligramu 1 ina nguvu ya karibu diazepamu miligramu 10. Alprazolamu nusu miligramu tu, ni karibu diazepamu 10. Kwa hiyo kijana wangu hakuwa na "4 kidogo", alikuwa na mzigo wa diazepamu kama 40 kwa siku! Kosa la pili, sikuuliza dawa inakaa mwilini muda gani. Diazepamu inaondoka polepole, na ikivunjwavunjwa inaacha mtoto wake ambaye naye anafanya kazi na anakaa siku kadhaa, kwa hiyo ukiiacha, alosto inaweza ikachelewa hata wiki ndipo ikupate. Lorazepamu inatoka upesi, siku moja au mbili tu magunia yote yako majini. Mlisikia neno hilo alosto mkadhani ni la watu wa unga peke yao, hapana, na hii ipo, na tofauti ni kwamba hii inaweza kuleta degedege.

Kwa hiyo nasema, na narudia ili aliye nyuma anisikie: usiache ghafla. Uliyetumia kila siku kwa zaidi ya wiki kadhaa, usiache ghafla. Hata kama umechukia, hata kama mchungaji amekuombea, hata kama zimeisha na duka limefungwa, nenda hospitali useme zimeisha. Usiache ghafla.

Sasa tunashukaje?

Kuna daktari mmoja wa Uingereza, Profesa Heather Ashton, alifungua kliniki ya watu wa namna hii Newcastle mwaka 1982, akaiendesha mpaka 1994, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa na kuwasikiliza wagonjwa wenyewe wanavyoshuka. Mengi tunayofanya leo yanatoka kwenye masikio yake yule mama. Msingi wake ni rahisi: toa gunia kopo kwa kopo, halafu subiri abiria warudi, halafu toa kopo jingine. Kopo lina ukubwa gani? Kwa kawaida kama sehemu moja ya kumi ya dozi ya sasa, nasema ya sasa siyo ya mwanzo, na kusubiri wiki mbili mpaka nne. Kuna wanaokwenda haraka kidogo na kuna wanaohitaji nusu ya hapo. Mwendo anaupanga mgonjwa pamoja na daktari wake, kalenda haimpangii mtu.

Nirudi kwa muuza dagaa wangu, nionyeshe tulivyofanya, maana maneno matupu hayasaidii.

Kwanza kabisa hatukupunguza kitu. Mnashangaa? Wiki mbili nzima nilimwambia ameze ileile 15, ila kwa saa ileile, 5 saa moja asubuhi, 10 saa tatu usiku, bila kuruka na bila kuongeza. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa na tabia, siku ya biashara nzuri anaruka, siku ya mawazo anameza tatu kwa mpigo. Mtumbwi unaoyumba hivyo huwezi kujua kopo ulilotoa limefanya nini. Ndani ya wiki hizo mbili daktari alimwanzishia matibabu ya wasiwasi wenyewe, setralini kidogo kidogo, na mimi nikawa nakaa naye kila Jumatano tunajifunza kile kitendo cha kuuacha moyo udunde bila kuukimbia. Hii msiirukie. Ukiondoa diazepamu halafu kile kilichomfanya aimeze mwanzoni bado kiko palepale hakijaguswa, atairudia tu.

Kisha tukaanza na kile kidonge cha asubuhi. Kidonge cha miligramu 5 ukikigawa robo nne, kila robo ni 1 na robo, si ndio? Tukaondoa robo moja. Asubuhi akawa anameza robo tatu, usiku 10 yake kama kawaida. Jumla ikatoka 15 ikawa 13 na robo tatu, ni punguzo dogo kuliko sehemu ya kumi. Wiki mbili. Robo nyingine. Wiki mbili. Nyingine, na ya mwisho. Baada ya wiki nane kidonge cha asubuhi kimekwisha, yuko 10 ya usiku peke yake, na alikuwa amelalamika siku mbili tatu tu za usingizi mwepesi. Dozi ya usiku tuliiacha mwisho makusudi, maana mtu akikosa usingizi usiku tatu mfululizo hata mpango mzuri vipi anautupa.

Kuanzia 10 kwenda chini, robo za 5 hazitoshi tena, tukatafuta vidonge vya miligramu 2. Tukachanganya. Cha 5 kimoja na vya 2 viwili, hiyo 9. Vya 2 vinne, 8. Cha 5 na cha 2, hiyo 7. Vitatu vya 2, hiyo 6. Kisha 5. Mliouza nyanya kwa mafungu mnaelewa hesabu hii kuliko daktari.

Kwenye 7 tukakwama.

Siku ya tano baada ya kufika 7 alinipigia simu usiku, analia. Miguu inawaka moto, mdomoni ladha ya chuma, taa ya jirani inamuumiza macho, misuli inarukaruka, moyo mbio. Nyumbani wameshasema ni malaria, shangazi yake anasema ni majini ya ziwani yanamdai. Nikamwambia kesho nenda upime kipimo cha malaria, maana huku kwetu malaria ipo na mtu anayeshusha dozi hakingiki nayo. Akapima, hamna. Sasa utajuaje hii ni alosto au ni wasiwasi wake wa zamani umerudi? Niliangalia mambo mawili. La kwanza, muda: ilianza siku chache baada ya kushusha. La pili, na hili ndilo kubwa, kuna vitu hakuwahi kuwa navyo kabla hajaijua hiyo dawa. Wasiwasi wake wa zamani ulikuwa moyo na jasho na kuogopa kufa. Ladha ya chuma, macho kuumizwa na taa, misuli kurukaruka, hivyo ni vipya, ni vya abiria ambao hawajarudi mahali pao.

Tukafanya nini? Tulisimama. Hatukushusha, hatukupandisha, tukakaa 7 kwa wiki sita badala ya mbili. Wiki ya tatu yale makali yakaanza kupungua, yanakuja na kuondoka kama mawimbi, leo mabaya kesho nafuu. Ingekuwa hayavumiliki tungerudi ngazi moja, 8, tukae hapo, na hilo siyo kushindwa. Kitu ambacho sikumruhusu ni kuongeza moja leo kwa sababu leo ni mbaya, kesho aache kwa sababu kesho ni nzuri, huko ni kuuyumbisha mtumbwi upya. Na sikumruhusu bia. Pombe inakaa upande uleule wa gaba, ni gunia jingine lenye rangi tofauti, na ukilichanganya na benzodiazepini au na tramado unaweza kulala usipumue tena. Nimeshawazika vijana kwa mchanganyiko huo, naomba mnisikie.

Kutoka 5 kwenda chini tukawa tunatoa nusu miligramu, ambayo ni robo ya kidonge cha 2. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, wanasema "nimetoka 15 nimefika 2, sasa naruka hizi mbili zilizobaki". Jamani! Tazameni ukumbi huu. Viti vimejaa na wengine mmesimama mlangoni. Wakitoka watatu waliosimama, kuna kiti kimebaki wazi? Hakuna. Lakini tukibaki wanne tu tumekaa, akatoka mmoja, robo ya viti vyenye watu imebaki wazi. Dawa iko hivyo hivyo. Miligramu ya kutoka 15 kwenda 14 vipokezi havijali sana. Miligramu ya kutoka 1 kwenda sifuri vinajali mno. Kwa hiyo hatua nne za mwisho, 1 na nusu, 1, nusu, na kuacha, tulizipa wiki tatu tatu.

Jumla ilikuwa hatua 19 na karibu mwaka mzima. Mtu aliitumia miaka minne, kutumia mwaka mmoja kushuka ni mwingi? Mimi sioni.

Kuna wasiotakiwa kushukia nyumbani hata kwa mpango mzuri, nitaje haraka. Aliyewahi kupata degedege au ana kifafa. Anayekunywa pombe kila siku. Anayetumia dozi kubwa sana. Mjamzito, yeye hatakiwi kuacha ghafla wala kuendelea bila kusema, aende aonwe. Hawa washuke chini ya macho ya daktari, wengine wodini kabisa. Na yeyote anayeshuka, akianza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyopo, kuanguka, au kusema bora nife, hapo hakuna kusubiri Jumatano, ni hospitali usiku uleule.

Na moja ambalo hata wahudumu wenzangu tunalisahau: dawa za kifua kikuu. Ndani yake kuna rifampisini, na rifampisini inaliamsha ini kuichoma diazepamu upesi mno. Nilimpata baba mmoja hajapunguza hata robo, anameza 10 yake kila usiku, ameanza dawa za TB, ndani ya wiki kadhaa anatetemeka na hajalala. Gunia lilikuwa linatupwa majini na hakuna aliyeona mkono uliolitupa. Kwa hiyo ukiandikiwa dawa yoyote mpya taja hii nayo, usione aibu. Dawa za TB usiache, ni daktari atapanga upya ile nyingine.

Kwa ambao hamjaanza, au mmeandikiwa jana: kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilishasema tangu mwaka 1988, hizi ni za wiki mbili mpaka nne, kwa wasiwasi ulio mkali kweli. Ukipewa, muulize aliyekupa swali moja tu, "Naacha lini, na naachaje?" Akikosa jibu, muulize tena.

Kuna dada pale katikati aliandika swali kwenye karatasi, nalijibu kisha nakaa. Anasema mama yake ana miaka 74, ametumia miaka zaidi ya 20, kidonge kimoja cha 5 kila usiku, je asumbuliwe au aachwe tu amalizie siku zake kwa amani? Dada yangu, kwanza niambie, ameanguka mara ngapi mwaka huu? (Akajibu mara mbili, moja akielekea choo cha nje usiku.) Hilo ndilo jibu langu. Mwili wa mzee unaitoa diazepamu polepole zaidi, inajikusanya, miguu inakosa nguvu na nyonga inavunjika, na kwa mzee nyonga ikivunjika mambo yanakuwa mazito. Anaweza kushuka, wazee wengi wanashuka vizuri tu wakielezwa na wasipoharakishwa. Ila yeye mpunguzie robo ya kidonge cha 2 kila wiki nne, siyo mbili, na mtu alale naye chumba kimoja, na asianze mpaka daktari amemwona na yeye mwenyewe amekubali. Usimfiche ukampunguzia kimyakimya kwenye chai. Mwache akate kile kidonge kwa mkono wake.

Njoo naye Jumatano. Mje na vidonge vyote mlivyonavyo nyumbani, hata vile vya kwenye karatasi visivyo na jina, tuvimwage mezani tuvihesabu pamoja.